Harusi ya Bagamoyo na Hesabu ya Saa

Mpambaji anayeanza kuwafuata maharusi majumbani kwao hupanga bei kwa kuangalia wenzake wanatoza kiasi gani kwa uso mmoja. Hasara huanzia hapo. Harusi humchukulia usiku wa kuamkia Jumamosi, humchukulia asubuhi yote, na mara nyingi jioni pia, na bei isiyohesabu saa hizo inaweza kumfanya apambe vizuri kabisa kisha arudi kwake na deni. Kisa cha dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, kinaonyesha jinsi jambo hilo linavyotokea kidogo kidogo, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Dada huyu kazi aliijua. Alikaa saluni miaka mingi, akajua kuiandaa ngozi ya mafuta isitote jasho kabla ya ibada kwisha, akajua pia kwamba poda nyeupe ikizidi, flashi ya mpiga picha humfanya bibi harusi aonekane kama amemwagiwa unga. Alipoacha saluni ili afanye kazi ya kuzunguka, alinunua sanduku la magurudumu, taa ya duara na kiti kirefu cha kukunja. Mikataba na ratiba aliona ni mambo ya kampuni kubwa.

Akapigiwa simu na binti wa Bagamoyo.

"Dada, nimeziona kazi zako. Unaweza kuja mpaka huku?"

"Nakuja, mpenzi. Mko wangapi?"

"Mimi, matroni na mama. Misa ni saa nane mchana."

"Hiyo laki tatu na nusu, na nauli elfu thelathini. Nije saa ngapi?"

"Wewe njoo asubuhi tu, dada yangu."

Yaliyobaki yalikamilishwa kwa ujumbe wa sauti. Mweka hazina wa kamati ya harusi alituma shilingi 130,000 kwa simu, yaani 100,000 za advansi na 30,000 za nauli, akaahidi kwamba 250,000 zilizobaki watamalizana siku ya shughuli. Dada akaridhika. Maneno "asubuhi" na "siku ya shughuli" hayakumsumbua.

Siku ilipofika, alitoka Tabata na msaidizi wake saa 1:15 asubuhi kwa gari alilolitafuta asubuhi ileile, akamlipa dereva 80,000. Akafika saa 3:20, kwa sababu barabara ya Bagamoyo siku ya Jumamosi ina foleni Mwenge, ina foleni Tegeta, na ukidhani umeshapona, Bunju nayo inakungoja. Nyumbani akamkuta bibi harusi yumo mikononi mwa msusi, kichwa nusu kimesukwa. Akaanza na matroni, kisha mama mzazi. Hadi hapo mambo hayakuwa mabaya.

Wakati anafuta brashi, shangazi mmoja akavuta kiti. "Mwanangu, na mimi nipake kidogo tu, nisiaibike mbele ya wakwe." Ni nani angemkatalia shangazi wa bibi harusi siku ya harusi, nyumbani kwao, mbele ya ndugu zake? Akampaka. Shangazi wa pili akaona mwenzake amependeza. Wakafuata wapambe wawili walioambiwa na mtu fulani kwamba nao wamo. "Kidogo tu" huchukua dakika ishirini na tano ukiharakisha sana, maana lazima usafishe brashi, utafute rangi inayolingana na ngozi mpya, na uso uliopakwa vibaya utapigwa picha na kutajwa kuwa kazi yako. Nyuso nne za hisani zikala karibu saa mbili.

Bibi harusi aliketi kitini saa 6:25. Alitakiwa atoke nyumbani saa 7:15, akiwa amevaa. Kazi ya dakika tisini ikafanywa kwa hamsini. Gundi ya kope haikupewa muda wa kushika, ukope wa kushoto ukaanza kunyanyuka pembeni. Gauni likavalishwa mbiombio na watu watatu, na mpiga picha, ambaye naye alilipwa kwa ajili ya picha za maandalizi, hakupata hata moja ya maana. Wakafika kanisani saa 8:35. Misa ile ilikuwa na jozi nyingine za maharusi, kama ilivyo kawaida katika parokia nyingi, na padre hawezi kuwasimamisha watu wote kwa ajili ya mmoja. Binti akaingia masomo yakisomwa.

Jioni ikaleta mengine. Bibi harusi alidhani mpambaji atabaki hadi ukumbini amrekebishe kabla ya kuingia. Dada alidhani kazi imeisha. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza, na kwa kuwa alijisikia vibaya juu ya ukope ule, akabaki hadi saa 1 usiku. Gari la kurudi usiku lilikuwa 90,000. Alipomfuata mweka hazina kudai masalio, akajibiwa kwa upole: "Dada, umetuchelewesha kanisani. Hilo tutakaa kamati tulizungumze." Kamati ya harusi huvunjwa harusi ikiisha. Haikukaa tena.

Piga hesabu yake. Aliingiza 130,000. Alitoa 170,000 za magari, 30,000 za msaidizi wake, na 40,000 za kope, gundi, sponji na vipodozi vilivyotumika kwa nyuso saba. Jumla 240,000. Alifanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku, akatoa 110,000 kutoka mfukoni mwake.

Wengi wakisikia kisa hiki humlaumu mweka hazina. Mimi nadhani alichokifanya si haki, lakini alikifanya kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na mahali palipoandikwa bibi harusi aketi saa ngapi, nyuso ni ngapi, wala nani anawajibika kitu kimoja kikisukuma kingine. Aliyechelewesha harusi ile ni nani hasa? Msusi, mashangazi, foleni, au mpambaji aliyeondoka Tabata saa moja na robo? Bila ratiba, lawama humwangukia aliyeshika brashi mwisho.

Ratiba ya siku ya harusi hupangwa kwa kurudi nyuma. Tuichukue harusi hiyohiyo. Misa ni saa 8:00, na nyumba iko mwendo wa dakika ishirini kutoka kanisani, lakini msafara wa harusi hauendi mwendo huo, kwa hiyo bibi harusi atoke saa 7:15. Kuvaa gauni na shela, kufunga vifungo vya mgongoni na kupiga picha chache kunataka saa nzima na zaidi kidogo, kwa hiyo uso uwe umekamilika saa 6:00. Uso wa bibi harusi, kuanzia kusafisha ngozi hadi kope kushika, ni dakika tisini. Aketi saa 4:30, na nywele zake ziwe zimekwisha kabla ya hapo. Matroni ni dakika arobaini na tano, mama arobaini, kwa hiyo wa kwanza aketi saa 3:00 na kitu. Kupanga vifaa na kutafuta mahali penye mwanga na soketi ya umeme ni nusu saa. Weka nusu saa nyingine ya dharura, ambayo haina mwenyewe na haitolewi kwa shangazi. Mpambaji awe ameingia nyumbani saa 2:00. Kutoka Tabata, kwa foleni ile, aondoke saa 12:00 asubuhi, na dereva awe amepangwa tangu jana yake.

Kwa hiyo dada yule alichelewa kabla hajatoka kwake. Mashangazi waliongeza tu. Hili ndilo jambo ambalo ratiba humwonyesha mtu mapema, wakati bado anaweza kuuliza maswali. Pia humwonyesha mahali pa kumweka bibi harusi katika foleni ya kiti. Wapo wanaompaka wa kwanza ili "wamalizane naye", na kufikia saa nane jasho na chai vimeshaharibu kazi. Wapo wanaomweka wa mwisho, naye hubeba ucheleweshaji wa wote. Hapo panahitaji busara: akae baada ya mama na matroni, na ikiwa kuna wapambe wawili watatu, wafuate yeye akiwa anavalishwa. Mpambe akichelewa kupakwa, harusi haisimami.

Ratiba hiyohiyo ndiyo inayopaswa kuzaa bei ya safari. Dada alitoza elfu thelathini kwa kufikiria mafuta, tena ya kwenda tu. Safari ina gharama mbili. Ya kwanza ni usafiri wenyewe, kwenda na kurudi, pamoja na ada ya kivuko au ya Daraja la Nyerere kwa anayeitwa Kigamboni. Ya pili ni saa, na hii ndiyo inayosahaulika. Jumamosi ambayo dada yuko Tabata, anaweza kumpamba bibi harusi wa asubuhi Segerea na mwingine wa mchana Kinyerezi. Akienda Bagamoyo, yule wa pili amempoteza. Tuseme wa pili angemwachia 100,000 baada ya kutoa gharama. Basi safari ya Bagamoyo ina thamani ya 170,000 za magari na 100,000 za siku iliyozuiliwa, yaani 270,000. Ukijumlisha na 350,000 za nyuso tatu, bei ya kweli ya kazi ile ni 620,000.

Najua mteja atashtuka. Ndiyo maana bei ya nyuso na bei ya safari ziandikwe mistari miwili tofauti, ili mtu aone anacholipia na aweze kukipunguza bila kuigusa kazi. Njia ya kawaida ni familia kutoa gari lao. Ni njia nzuri, mradi iandikwe gari lifike kwa mpambaji saa ngapi na nani anamrudisha, kwa sababu gari la familia siku ya harusi hutumwa kufuata keki, hutumwa kufuata maua, na mpambaji hukaa kibarazani na sanduku lake akitazama saa. Na pale ratiba inapomtaka aondoke kwake kabla ya saa 11 alfajiri, alale hukohuko kwa gharama ya mteja. Barabara usiku ni hatari, na mkono uliokesha hauchori wanja ulionyooka.

Karibu na nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Wapambaji wengi huweka eneo ambalo ndani yake safari imo katika bei, kisha kiwango kimoja kwa eneo linalofuata, na kwa mikoani huhesabu kila safari peke yake. Usitoze kwa kilomita peke yake ndani ya Dar es Salaam. Kilomita kumi za Mbagala saa 12 asubuhi si kilomita kumi za Mbagala saa 4.

Sasa kuhusu kifurushi. Kifurushi kinachosema "bibi harusi na familia" ni shimo la kujichimbia, kwa sababu familia zetu hazina idadi. Kitaje nyuso kwa hesabu, kitaje saa ya kuanza na ya kumaliza, kitaje kama kope za kubandika zimo, kama jaribio la mekapu kabla ya harusi limo, na kama mpambaji anabaki hadi ukumbini. Kuhusu jaribio nashauri lisiachwe hata mteja akisema hana muda, angalau gundi ya kope ipakwe kidogo nyuma ya sikio siku mbili kabla. Jicho lililovimba asubuhi ya ndoa halina dawa. Kuhusu ukumbini, ama mteja alipie saa za kusubiri, ama mpambaji amwachie matroni kijifuko chenye poda, rangi ya mdomo na karatasi laini za kunyonya mafuta, na amfundishe kugandamiza bila kusugua. Kwa maharusi wengi hilo linatosha.

Nyuso za ziada zitakuwepo, mtu asijidanganye. Dawa yake ni kuziandikia bei tangu mwanzo na kuziandikia nafasi: zinapakwa baada ya bibi harusi, muda ukiwepo, na zinalipiwa kabla ya kukaa kitini. Nyuso zikizidi nne, mpambaji wa pili aje, na gharama yake iwemo kwenye bei. Shangazi akija, mpambaji hahitaji kumkatalia. "Shangazi, nitakupaka kwa heshima zote, zamu yako ni saa sita bibi harusi akivaa." Hayo ni maneno ambayo mtoto mwenye adabu anaweza kuyasema.

Yote haya yaingie kwenye mkataba wa ukurasa mmoja. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hailazimishi makubaliano kama haya yaandikwe ndipo yawe mkataba. Dada yule alikuwa na mkataba, tena halali. Shida ilikuwa kuuthibitisha. Ujumbe wa simu nao unaweza kutumika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua, na kwa hiyo hata anayeona haya kumletea mteja karatasi anaweza kumtumia masharti kwa maandishi kwenye Wasapu na kumwomba ajibu "nimekubali". Ujumbe wa sauti uliotawanyika katika wiki tatu ni mgumu zaidi kuutumia, hasa pale ambapo kila mmoja amesema kidogo na hakuna aliyetaja saa.

Katika ukurasa huo, jambo ambalo watu hulikosea ni jina la mlipaji. Bibi harusi ndiye anayeagiza, lakini fedha ni za michango na zinashikwa na kamati. Akisaini bibi harusi peke yake, utamdai mtu aliye fungateni na asiyeshika fedha zile. Akisaini mweka hazina peke yake, atasema aliyekuita si yeye. Majina yote mawili yawepo, na iandikwe wazi kwamba masalio yanalipwa siku saba kabla ya harusi. Siku saba kabla, kamati bado ina vikao, bado inaogopa mpambaji asije. Siku ya harusi mweka hazina anafuatwa na mpishi, mwenye ukumbi na mwenye muziki kwa wakati mmoja.

Advansi iitwe kwa jina lake la zamani, arbuni, na ielezwe kwamba ni ya kuishika tarehe na hairudi mteja akighairi. Theluthi ya bei hadi nusu ni kiasi cha haki. Lakini weka nafasi ya msiba, kwa sababu misiba hutokea: harusi ikiahirishwa, arbuni ihamie tarehe mpya mara moja, ikiwa mpambaji yuko huru siku hiyo. Na sharti la upande wa pili liwe na uzito uleule. Mpambaji akishindwa kuja, alete mwenzake wa kiwango chake ambaye mteja amekubali kazi zake, au arudishe kila senti. Mkataba unaomlinda mmoja tu hausainiwi na mtu makini, na ukisainiwa huleta ugomvi.

Kuchelewa kuandikwe kwa saa halisi. Mfano wa maneno yenyewe: "Bibi harusi ataketi kitini saa 4:30 asubuhi, nywele zikiwa tayari. Akichelewa, mpambaji atafanya kazi kwa muda uliobaki na hatawajibika kwa kuchelewa kanisani. Mpambaji akifika baada ya saa 2:00 kwa sababu yake mwenyewe, atapunguza shilingi 20,000 kwa kila nusu saa." Viwango vya namna hiyo viwe vya kiasi. Mtu akiandika faini ya milioni moja ili kutishia, ajue kwamba Sheria ya Mikataba humpa mdai fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, na mahakama haifungwi kumpa chote.

Dada wa Tabata hakuzipata zile 250,000. Desemba iliyofuata akaitwa Kibaha, nyuso nane. Alituma ukurasa wake mmoja na ratiba, na mweka hazina wa huko akampigia. "Dada, sisi hatulipi mtu kabla ya kazi. Ukishalipwa usipokuja je?" Swali hilo lilikuwa la haki. Wakapatana kwamba asilimia themanini ilipwe siku saba kabla, na ishirini zitumwe kwa simu bibi harusi akiinuka kitini, kabla hajavaa gauni, na jina la matroni likaandikwa kuwa ndiye atakayezituma. Akaenda na mpambaji wa pili.

Kitu ambacho ukurasa wake haukuweza kukifunga ni msusi, kwa kuwa msusi hakuajiriwa naye wala hakusaini kwake. Alichofanya ni kuomba namba ya msusi huyo, akampigia Alhamisi jioni, akamuuliza ataanza saa ngapi na mtindo ule unamchukua muda gani. Msusi akasema ataanza saa 2:00 na mtindo utamchukua muda wa saa tatu. Wakakubaliana aanze saa 12:30 asubuhi badala ya saa 2:00, na mabadiliko hayo yakatumwa kwa bibi harusi, matroni na mweka hazina usiku uleule.